Taa za LED: zinatengenezwa zife mapema makusudi au tunanunua uchafu wenyewe?

Chalii wa Sakina #1
Wakuu salaam. Hii ishu imenikaa kooni. Kwenye boksi la taa ya LED wati 9 wameandika masaa 25,000. Sebuleni kwangu inawaka kama saa 6 kila usiku, nikagawanya, inakuja usiku elfu nne na ushee, yani miaka 11. Mtoto anayezaliwa leo ndo yuko darasa la sita taa ikiwa bado hai. Sasa hii yangu haijafikisha mwaka imekufa, na ya korido ilitangulia. Marehemu babu kule Machame alikuwa na globu moja ya kizamani ile ya waya ndani, nimezaliwa nimeikuta nimeondoka nimeiacha. Mi nasema wanatengeneza zife ili turudi dukani. Anayepinga alete hoja sio matusi.

Ngarenaro Finest #2
Hujakosea hata kidogo chalii yangu. Hii ni njama ya siku nyingi, makampuni ya Marekani yalikaa miaka ya 50 yakakubaliana globu isizidi masaa elfu moja, Edison ndo alikuwa kinara wao. Google zenyewe zipo.

mama_wawili_Moshi #3
Nakubaliana, mi viatu vya mtumba Kiboriloni nanunua mwanangu anavaa mpaka mguu unamkataa, nikinunua vipya dukani soli inabanduka kabla muhula haujaisha. Wanatumia gundi tu siku hizi, hawashoni.

Mwl Tengeru #4
@Ngarenaro Finest njama ilikuwepo kweli ila umeivuruga. Edison alikufa 1931, miaka ya 50 angekaa vipi kikao? Makubaliano yalisainiwa Geneva mwaka 1924, ushirika wao uliitwa Phoebus. Walikuwemo Osram wa Ujerumani, Philips wa Uholanzi, Wafaransa, Waingereza, mpaka Tokyo Electric ya Japani. General Electric ya Marekani iliingia kwa mlango wa nyuma kupitia kampuni zake za nje. Kabla ya hapo globu nyingi zilikuwa zinafika masaa 1,500 hadi 2,000, wakazishusha kwenye 1,000. Vita vya pili vilipoanza 1939 ndo ushirika ukasambaratika. Masaa elfu moja uliyosema ni sahihi, hapo nakupa.

Ngarenaro Finest #5
Mwalimu hujanipinga umenisaidia 😂 mwaka ni mwaka tu, njama ni njama.

Mwl Tengeru #6
Subiri sijamaliza. Waya wa ndani ya globu ni tungsteni, unavyozidi kuwa moto ndo mwanga unaongezeka na unazidi kuwa mweupe kwa umeme ule ule, lakini pia ndo unavyoliwa haraka mpaka unakatika. Ukitaka iishi sana unaupoza, inakuwa inatoa mwanga mwekundu hafifu na bili yako ni ile ile. Ndo maana ile globu maarufu ya kituo cha zimamoto Livermore, California, inawaka tangu 1901, kila mtu anaitolea mfano kwamba zamani walikuwa waaminifu, lakini hawasemi kwamba sasa hivi inakula kama wati 4 tu, huwezi kusomea gazeti chini yake. Tume ya Uingereza iliyochunguza biashara ya globu ilitoa ripoti 1951 na haikuona kwamba masaa 1,000 yenyewe ni wizi, ilisema ni suala la kuchagua kati ya bei ya globu na bei ya umeme.

Alafu kuhusu babu, @Chalii wa Sakina, hiyo globu ilikuwa chumba gani?

Chalii wa Sakina #7
Stoo ya kahawa.

Mwl Tengeru #8
Basi. Stoo inawashwa labda dakika kumi kwa siku. Masaa 1,000 kwa dakika kumi kumi ni siku 6,000, miaka 16. Ungeihamishia sebuleni saa 6 kila usiku isingemaliza miezi sita.

Pasua Kwetu #9
Stoo ya kahawa imeuza kesi 🤣🤣

Ngarenaro Finest #10
Mwalimu una maneno matamu lakini jibu hili: kama ilikuwa fizikia tu, kwa nini kulikuwa na faini? Kiwanda kilikuwa kinapeleka sampuli kwenye maabara yao Uswisi, globu zikionekana zinaishi kuzidi kiwango kiwanda kinalipa. Mtu anatozwa faini kwa kutengeneza kitu kizuri! Fizikia haihitaji polisi.

Mwl Tengeru #11
Hapo sina ubishi. Na kule Marekani mahakama ilikuja kumkuta General Electric na hatia ya kuhodhi soko, 1949. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kuwa na nia mbaya na hesabu sahihi kwa wakati mmoja.

Fundi Mbauda #12
Wakuu mnazungumzia globu za Mjerumani wakati mwenye uzi kauliza LED. Mi nafungua hizi taa kila wiki, wateja wananiletea mifuko. Ngoja nieleze ninachokiona.

Chukua taa iliyokufa, hiyo kofia nyeupe ya plastiki izungushe kwa nguvu au pitisha kisu pembeni, inatoka. Ndani kuna sahani ya aluminiamu yenye vidoti vya njano, vinaweza kuwa kumi au kumi na mbili. Vyote vimefungwa mstari mmoja, umeme unatoka hiki unaingia kile kama zile taa za Krismasi, kimoja kikikata vyote vinazima. Angalia kwa makini, mara nyingi utakuta kidoti kimoja kina alama nyeusi katikati kama kimechomwa na sindano. Hicho ndo kimeua taa nzima, wengine wote wazima.

Kwa nini kimeungua? Joto. Watu wanadhani LED haina joto kwa sababu ukishika kofia ni vuguvugu. Globu ya zamani joto lake lilikuwa linarushwa nje pamoja na mwanga, LED joto linabaki mgongoni kwa kidoti na inabidi lipite kwenye aluminiamu litoke nje. Taa za LED za mwanzo zilizokuja mjini zilikuwa nzito, zina mapezi ya aluminiamu mwili mzima. Za sasa mwili ni plastiki, ndani wameweka kipande chembamba cha bati tu. Alafu badala ya kuweka vidoti 20 vinavyofanya kazi polepole wanaweka 10 vinavyosukumwa mpaka mwisho, mwanga ule ule, vidoti nusu, gharama chini. Hapo ndo kifo kilipo.

Ukiniuliza makusudi au sio makusudi mi sijui, mi sijakaa kwenye kikao chao.

Kijenge Juu #13
Fundi heshima kwako. Ila tatizo kubwa ni umeme wetu, unapanda unashuka. Kwangu jioni taa inafifia, usiku wa manane watu wakilala inawaka kama uwanja wa mpira. Ukikatika na kurudi ndo kabisa, unarudi na kishindo. Hata ungeleta taa kutoka peponi itaungua tu.

Fundi Mbauda #14
@Kijenge Juu uko sahihi nusu. Hizi taa za bei chee nyingi zina kiaisii kidogo palepale kwenye sahani, kazi yake ni kuhakikisha vidoti vinapata mkondo ule ule hata umeme ukipanda. Kwa hiyo kama yako inafifia na kung'aa hivyo basi jioni umeme unashuka kupita kiwango aisii inachoweza kushikilia. Ukipanda kutoka volti 230 kwenda 250 vidoti havisukumwi zaidi, ile ziada inaishia kwenye aisii inageuka joto, na aisii imekaa sahani moja na vidoti. Kwa hiyo umeme unaua, lakini kwa kupitia joto lile lile. Ule wa kurudi na kishindo ni kesi nyingine, ule unapasua aisii yenyewe, utaona tundu au harufu ya kuungua na vidoti vyote viko safi havina alama. Ukifungua taa yako utajua imeuawa na nani.

Kijenge Juu #15
Kesho nafungua.

Mama Mangi Majengo #16
Habari zenu. Mimi nina duka la vifaa vya umeme hapa Moshi, nawasoma tu mnavyosema wafanyabiashara. Niwaambie ukweli wa kaunta. Ninazo taa za elfu mbili mia tano na ninazo za elfu saba. Wati ni zile zile 9. Mteja anashika zote, anasoma boksi, zote zimeandikwa masaa 25,000, anauliza "tofauti nini?" Namwambia hii nzito, ina dhamana. Anachukua ya elfu mbili mia tano na anaomba nipunguze mia tano. Nimeleta katoni ya zile nzuri, zimekaa mpaka boksi zimepauka na jua. Sasa kiwanda kikiona oda zote zinakuja za bei ya chini kitatengeneza nini? Njama ya nini hapo, sisi wote tumo.

Ngarenaro Finest #17
Lakini mama, zote mbili zimeandikwa 25,000. Anayedanganya sio mteja.

Mama Mangi Majengo #18
Hapo kweli, hata mimi sijui wanayapimaje.

Mwl Tengeru #19
Hayo masaa sio ya taa kufa. Ni masaa mpaka mwanga upungue ubaki asilimia 70 ya ulivyokuwa mwanzo. Na kinachopimwa maabara mara nyingi ni vidoti peke yake vikiwa kwenye joto linalodhibitiwa, wanapima masaa 6,000 au zaidi kidogo, alafu wanachora mstari kwenda mbele kukadiria. Hakuna aliyeiwasha miaka 11 kusubiri. Zile saketi za nyuma, plastiki, kofia ya dari uliyoifunika, havimo kwenye hesabu.

Chalii wa Sakina #20
Kumbe! Yani ni kama gari ipimwe injini peke yake juu ya meza. Na ya kwangu sebuleni iko ndani ya kile kibakuli cha kioo cha darini kimefungwa na skrubu.

Fundi Mbauda #21
Umejibu swali lako mwenyewe mkuu, hewa haipiti mle, inajipika. Ukisoma boksi vizuri nyingi zina kamchoro au maandishi madogo yanakataza kuifunga kwenye kibakuli.

Pasua Kwetu #22
Nani anasoma boksi la taa jamani

Sanawari Boy #23
Mi naona mnaacha upande mwingine. Kuna vitu haviharibiki kabisa ila unavichukia. Noah. Ile ya zamani injini bado inapiga mzigo Arusha hadi Namanga, lakini ikitoka sura mpya wewe mwenye ya zamani unaanza kujisikia vibaya wakati gari haijakukosea kitu. Huo mchezo aliuanza Alfred Sloan wa General Motors miaka ya 1920. Ford alikuwa anauza Model T ile ile miaka nenda rudi, sifa yake ni kwamba haifi. Sloan akaona watu wengi wenye uwezo tayari wana gari, akaanza kubadilisha sura na rangi kila mwaka ili mwenye ya mwaka jana aione imezeeka. Ford ilibidi aifunge Model T 1927. Hakuna aliyeharibu kitu, wameharibu hamu.

mama_wawili_Moshi #24
Vitenge vya sare za harusi jamani!! Kila harusi kitenge chake, ukivaa cha harusi ya mwaka jana kamati nzima inakuangalia.

Sanawari Boy #25
Hiyo hiyo. Na aliyechapisha kijitabu cha kutaka serikali ipange kabisa vitu viwe na tarehe ya kufa alikuwa dalali wa nyumba New York, Bernard London, 1932, wakati wa mdororo. Wazo lake lilikuwa vitu vikipita umri wake vikabidhiwe serikali viharibiwe, watu wanunue vipya, viwanda vifunguke, ajira zirudi. Hawakumsikiliza, lakini soko lilimsikiliza 😄

Kijenge Juu #26
Tumeenda mpaka New York na mi nimeshafungua taa zangu. Tatu: mbili zina kidoti cheusi, moja vidoti safi ila kiaisii kimepasuka. Kwa hiyo fundi tumegawana.

Fundi Mbauda #27
Safi. Zile mbili zinaponyeka. Kile kidoti kilichokufa unaking'oa unaunganisha pale na tone la risasi, mstari unakamilika. Ila zingatia, kidoti kikipungua ule umeme kilichokuwa kinakula unaangukia kwenye aisii, nayo inazidi kupata moto. Kimoja poa, ukiruka viwili vitatu unatafuta kifo kingine. NA TAFADHALI: saketi hizi hazina transfoma, ile sahani ni umeme wa ukutani moja kwa moja. Usiwashe kofia ikiwa imetoka ukagusa. Ipimie mbali, zima, chomoa, ndo uguse.

Usa River Tech #28
Niongeze kitu fundi hajasema. Ushahidi kwamba viwanda vinajua namna ya kutengeneza taa ya kudumu ni zile zilizotengenezwa kwa makubaliano na manispaa ya Dubai, Philips walizizindua 2016. Wati 3 inatoa mwanga wa globu ya wati 60. Siri hakuna, wameweka vidoti vingi na kila kimoja kinasukumwa kidogo sana, hakipati joto. Zilikuwa za Dubai tu. Teknolojia ni hii hii iliyoko dukani kwa mama Mangi, tofauti ni aliyeagiza. Serikali ya pale ilisema tunataka hivi, zikatengenezwa.

Ngarenaro Finest #29
🔥🔥 Nafunga kesi. Wanaweza, hawataki.

Mama Mangi Majengo #30
Hujafunga kitu. Vidoti vingi ni hela nyingi. Manispaa ya Dubai iliagiza, wewe Ngarenaro utaagiza?

Chalii wa Sakina #31
@Usa River Tech sasa sisi tusio Dubai tunafanyaje, tunaweza kuipunguzia msukumo taa ya kawaida?

Usa River Tech #32
Inawezekana kwa nyingi, sio zote. Karibu na aisii angalia virezista viwili vidogo vimekaa sambamba, vimeandikwa R1 na R2 au namba nyingine inategemea kiwanda. Hivyo ndo vinaiambia aisii ipitishe mkondo kiasi gani. Kama vina thamani sawa, ukiondoa kimoja mkondo unashuka nusu. Taa ya wati 9 inakula kama nne na nusu. Mwanga haushuki nusu kamili, unabaki zaidi ya nusu kidogo kwa sababu vidoti vikipoa vinafanya kazi vizuri zaidi. Mita ikikuonyesha thamani hazilingani, ng'oa ile yenye oma kubwa, punguzo linakuwa dogo. Ukiona kirezista kimoja tu, usiking'oe, taa haitawaka, hapo unabadilisha na chenye oma kubwa zaidi. Fanya taa ikiwa mpya kabla haijapikika, ukishaona imeanza kupepesa umechelewa.

Mwl Tengeru #33
Hii ndo hesabu ile ile ya 1924 sasa, maisha marefu kwa mwanga mdogo. Utahitaji taa mbili pale ulipoweka moja. Tofauti na globu ni kwamba kwenye LED hupotezi umeme kwa kufanya hivyo, unaokoa, kwa hiyo kisingizio cha Phoebus hapa hakifanyi kazi. Hilo nampa Ngarenaro.

Kibosho Mstaafu #34
Vijana, kwenye zile taa ghali zenye draiva kamili nyuma, msisahau kapasita. Hizo mara nyingi vidoti viko salama na kapasita ndo imekauka. Joto likipanda nyuzi kumi umri wake unakuwa nusu. Utaona taa inapepesa au inachelewa kuwaka, kapasita imevimba kichwa. Kwa hiyo ya elfu saba nayo ina ugonjwa wake, sio kwamba haifi.

Mama Mangi Majengo #35
Mzee shikamoo, lakini unaniharibia soko.

Kibosho Mstaafu #36
Marahaba mwanangu. Uza tu, ila uwaambie wasiifunge kwenye kibakuli.

Ngarenaro Finest #37
Bado hakuna aliyejibu: kiwanda kikijua kibakuli kinaua taa na kinajua vibakuli viko kila nyumba, kwa nini kinauza taa ya umbo lile lile linaloingia kwenye kibakuli?

Mwl Tengeru #38
Kwa sababu holda ndo hizo zilizoko nyumbani kwako.

Ngarenaro Finest #39
Hilo sio jibu mwalimu.

Chalii wa Sakina #40
Mrejesho wakuu. Nimenunua mbili mpya, moja nimeng'oa kirezista, nyingine nimeiacha ilivyo, zote nimezitoa kwenye kibakuli. Nimeshika shingo baada ya kuwaka jioni nzima, ya kung'olewa ni vuguvugu, nyingine siwezi kuishikilia. Mwanga umepungua unaonekana lakini sio kiza. Tatizo limetokea kwingine, wife anasema sebule imekuwa kama baa na dari bila kibakuli inaonekana imebomoka. Mwenye kibakuli chenye matundu ya hewa Arusha hapa aniambie duka gani.

Pasua Kwetu #41
Toboa hicho ulicho nacho

Fundi Mbauda #42
Kioo hicho anakitoboaje, atakimwaga chote. Chalii njoo Mbauda, nina za wavu.